Fahamu: Ugomvi wa Taratibu za Wahenga katika Uchina

Padri Matteo Ricci, Mjesuiti wa Kiitalia aliyeingia Uchina mwaka 1583, alivaa kwanza kanzu ya watawa wa Kibudha, hata alipotambua kuwa watawa hao hawakuwa na hadhi kubwa mbele ya wakuu, akaiacha mwaka 1595 na kuvaa joho la wanazuoni. Yeye na wenziwe waliona kwamba kumsujudia Konfusio, na kufukiza ubani mbele ya vibao vya majina ya wahenga, ni adabu ya raia wala si ibada. Basi Mchina aliyebatizwa aliweza kuendelea nayo.

Wadominikani na Wafransiskani, waliohubiri zaidi miongoni mwa watu wa kawaida, waliona humo shirki. Nadhani kila upande ulisema kweli juu ya watu uliowajua.

Roma ilikataza mwaka 1645, ikaruhusu 1656, kisha ikakataza tena 1704 na 1715. Mfalme Kangxi, ambaye mwaka 1700 alikuwa amewathibitishia Wajesuiti kwamba taratibu hizo ni heshima tupu, alighadhibika kuona wageni wakimfundisha mila za nchi yake, akapiga marufuku mahubiri yao. Katazo la Roma, lililokaziwa na Papa Benedikto wa 14 mwaka 1742, lilidumu hadi 1939.