Bei ya tiketi ya ndege: nauli ni ipi, tozo ni ipi?

Mkazi wa Mkuyuni anayekwenda Mwanza kwa ndege hushuka Morogoro mjini, kisha Dar es Salaam hadi Uwanja wa Julius Nyerere. Tuseme tiketi yake ya kwenda na kurudi ni shilingi 400,000. Si zote za shirika la ndege.

Kisheria, abiria wa safari za ndani hutozwa shilingi 10,000 za huduma za uwanja. Anayekwenda nje ya nchi, dola 40. Halipi dirishani. Shirika huzikata ndani ya tiketi na kuziwasilisha serikalini. Huyu wetu anapanda ndege Dar es Salaam na tena Mwanza, hivyo 20,000 si nauli. Zipo pia ada ndogo za usalama.

Umuhimu wake huonekana safari inapovunjika. Tiketi nafuu huandikwa kwamba nauli hairudishwi, na wengi huishia hapo. Lakini tozo ya uwanja inamhusu anayesafiri. Asipopanda kabisa, ana hoja ya kudai 20,000. Akienda asirudi, 10,000 ya Mwanza. Aulize kwanza gharama ya kurejeshewa, maana yaweza kuzimeza zote.

Tahadhari moja: ukiona YQ au YR kwenye safu ya kodi, hiyo si kodi. Ni nyongeza ya shirika lenyewe, mara nyingi kwa jina la mafuta, na kwa kawaida hufuata masharti ya nauli.