Salamu Zilipomeza Habari

Shuleni tulifundishwa kuandika barua ya kirafiki: anwani juu upande wa kulia, tarehe chini yake, kisha "natumaini hujambo na unaendelea vyema na kazi". Aya ya pili ndiyo iliyoanza na "dhumuni la barua hii". Mpangilio ule ulifaa kwa sababu aliyeipokea barua alikuwa ameshaichana bahasha. Akishaichana, atasoma tu.

Anayeandika LinkedIn anapeleka barua ambayo bahasha yake bado haijachanwa. Mtandao huo unakuruhusu kuandika hadi herufi 3,000, lakini anayepitisha kidole kwenye simu haonyeshwi zote. Anaona mistari kama mitatu ya mwanzo, halafu maandishi yanakatwa na kufuatiwa na neno dogo "…more". Asipoligusa, mengine yote uliyoandika hayapo kwake. Kwenye simu, mkato huo huja kwenye herufi ya 140 hivi, nafasi na nukta zikiwamo. Kwenye kompyuta huchelewa kidogo. Kipimo hubadilika kwa ukubwa wa maandishi ya simu, na ukiambatisha picha sehemu inayoonekana inaweza kupungua zaidi. Ndiyo maana wazoefu huhesabu mistari miwili tu, na wa tatu wakiupata wanauchukua kama nyongeza ya muuza karanga.

Jamaa yangu mmoja anasimamia ghala la vipuri vya pikipiki jijini Dar es Salaam. Alikuwa na kisa kizuri sana, na alikaa jioni nzima akikiandika. Kilianza hivi:

"Habari zenu wanamtandao. Nina furaha kubwa kuwashirikisha safari yangu ya miaka saba katika usimamizi wa ghala, safari iliyojaa changamoto na mafunzo mengi."

Tuzihesabu. Salamu peke yake imekula herufi 24. Hadi kufika kwenye neno "ghala" zimeshatumika 110, na simu inakata hapo karibu na "changamoto na". Mpaka hapo msomaji ameambiwa nini? Kwamba mtu fulani ana furaha. Hajaona ghala, hajaona hasara, hajui kama kuna kilichotokea. Maneno yale yale angeweza kuyaandika mwalimu, nesi au dereva wa lori, na kosa lake ndilo hilo: hayana mwenyewe.

Kisa chenyewe kilikuwa mbali huko chini, aya ya nne. Kila mwezi hesabu ya mali ilionyesha upungufu wa betri 12. Wakabadilisha kufuli, na mwezi uliofuata wakabadilisha tena. Walinzi wakaanza kutazamwa kwa jicho la pembeni. Baadaye sana ikagundulika kwamba muuzaji wa jumla alikuwa ameacha kufunga betri 12 kwenye katoni moja na sasa anafunga 10, ila karani wa mapokezi aliendelea kuzidisha kwa 12. Katoni sita kwa mwezi, betri mbili hewa kwa kila katoni: ndizo hizo 12 zilizokuwa "zikiibwa".

Nilimwambia, "Kaka, hiyo ndiyo habari. Mbona umeificha?"

"Sasa nitaingiaje kwa watu bila hodi?" akanijibu.

Sikumlaumu. Pwani huanzi shida yako kabla hujamjulia mtu hali. Lakini kwenye simu jina na picha yako vimeshatangulia juu ya maandishi, na hodi imeshapigwa. Tukakaa, tukafuta, na mwanzo ukawa huu:

"Kila mwezi ghala lilipungukiwa betri 12 za pikipiki. Tulibadilisha kufuli mara mbili. Hakuna aliyekuwa ameiba."

Herufi 110. Zinatosha hata kwenye simu ndogo. Sentensi ya kwanza inaweka kitu kinachoshikika: ghala, betri, idadi. Ya pili inaonyesha watu wakifanya kile ambacho msomaji naye angefanya. Ya tatu inaipindua ya pili, na hapo msomaji anabaki na swali ambalo hakulitafuta: kama hazikuibwa, zilikwenda wapi? Swali hilo ndilo linalosogeza kidole.

Angalia kilichofichwa na kilichoachwa wazi. Somo liko wazi kabisa. Anayeshughulika na ghala anajua papo hapo kwamba haya yanamhusu, na asiyehusika anapita bila kupotezewa muda. Kilichofichwa ni chanzo tu. Wengi hufanya kinyume chake. Wanaandika "Sikuamini nilichokiona leo ofisini", wakidhani wanatia hamu. Hapo somo lenyewe limefichwa, na msomaji ameshachoshwa na mitego ya aina hiyo. Hata akigusa, akakuta ni keki ya siku ya kuzaliwa, ataondoka mara moja. Mwaka 2020 wahandisi wa LinkedIn walieleza hadharani kwamba mfumo wao hutazama pia muda ambao mtu anakaa kwenye andiko. Kidole kilichodanganywa, basi, hakikufikishi mbali.

Adui mwingine ni Kiswahili chetu cha ofisini. Chukua "Katika kuhakikisha kwamba tunaboresha utoaji wa huduma". Hizo ni herufi 54, zaidi ya theluthi moja ya nafasi uliyonayo, na bado hakuna mtu aliyefanya lolote. Ajabu ni kwamba lugha yenyewe ina ubahili mzuri tukiiachia kitenzi kifanye kazi. "Tulibadilisha" ni neno moja, na ndani yake mna watenda, wakati na tendo. Ukikuta mwanzo wako umejaa "suala la", "uwepo wa" na "kwa upande wa", tafuta kitenzi kilichozikwa humo ukifukue.

Kuna na jambo la nafasi tupu. Wapo wanaoruka mstari kila baada ya sentensi ili andiko lipumue. Chini huko ni sawa. Juu ya mkato, mstari mtupu nao unahesabiwa kuwa mstari, kwa hiyo ukiruka mapema unaweza kubakiwa na sentensi mbili fupi tu. Jamaa yangu alizipanga sentensi zake tatu mfululizo, na mstari wa kwanza mtupu ukaja baada ya "ameiba". Alama za reli na majina ya watu wa kuwatambulisha tulivihamishia mwisho kabisa.

Kabla hajachapisha tulifanya jaribio moja lisilo na gharama. Alimpa mhasibu wao simu, mistari ile ya mwanzo tu ikionekana, akamwuliza: "Dada, unataka kujua nini?" Mhasibu akasema, "Sasa betri zilienda wapi?" Hilo ndilo swali ambalo andiko lilikuwa linajibu. Angesema "hongera sana", au angeuliza jambo ambalo halimo ndani, tungerudi kufuta. Jibu la namna hiyo linakwambia zaidi kuliko kujisomea mwenyewe mara kumi, kwa sababu wewe tayari unajua betri zilienda wapi.

Kama una rasimu kwenye simu yako, ifungue sasa, uhesabu herufi 140 za mwanzo, kisha uweke kidole juu ya zilizobaki. Mpe unayefanya naye kazi asome hizo tu, na usimweleze chochote.