Mwaka Mbaya wa Dola, Mwaka Bora wa Shilingi

Tangu bei ya dhahabu ilipoachiwa soko katika miaka ya 1970, hakuna mwaka ulioipiga kama 1981. Wakia moja, yaani gramu 31.1, ilianza mwaka ikiwa karibu dola 590 na kuumaliza ikiwa kama 400. Thuluthi ya thamani ilipotea.

Ukiuhesabu mwaka huohuo kwa shilingi ya Uganda, unageuka kuwa rekodi ya upande wa pili. Mwisho wa 1980 kiwango rasmi kilikuwa chini ya shilingi 8 kwa dola. Juni 1981 serikali ya Obote iliiachia shilingi ielee, na kufikia mwisho wa mwaka dola moja ilitaka shilingi 80 hivi. Wakia iliyokuwa na thamani ya shilingi 4,500 sasa ilikuwa na thamani ya 32,000: mara 7, katika mwaka ambao mwenye kuhesabu dola alikuwa akilia.

Rekodi hiyo ni ya kwenye karatasi, na watu wa Arua na Koboko wangekuwa wa kwanza kuikataa. Wengi wao hata hawakuwa nyumbani, kwa kuwa tangu Oktoba 1980 vita vilikuwa vimewasukuma kuvuka kwenda Zaire na Sudan. Tena huku mpakani dola ilikuwa ikiuzwa kwa bei ya magendo, mbali kabisa na ile ya benki, miaka kadhaa kabla ya Juni 1981. Aliyekuwa na dhahabu alikwisha kuipata bei hiyo mapema. Serikali ilipobadilisha kiwango, ilikiri tu kile ambacho soko lilikuwa likikisema siku zote. Ndiyo maana mimi huuliza kwanza faida imehesabiwa kwa kiwango gani, cha benki au cha mtaani, kabla sijaiita rekodi.

Kona ya Koboko inafaa kuliko mahali pengine kwa swali hili, kwa sababu Uganda, Kongo na Sudan Kusini zinakutana hapo. Gramu ileile ya dhahabu kutoka Ituri inaweza kutajiwa bei kwa dola, kwa faranga, kwa shilingi na kwa pauni. Chukua 2015. Mwaka huo dhahabu ilishuka kutoka dola 1,200 hivi hadi 1,060, hasara ya karibu asilimia 12. Dola nayo ilipanda kutoka takriban shilingi 2,770 hadi 3,370, ongezeko la karibu asilimia 22.

Watu wengi hapa hutoa 12 kwenye 22 na kusema faida ni asilimia 10. Siyo hivyo. Viwango hivi huzidishwa, havijumlishwi. Dhahabu ilibaki na 0.88 ya bei yake ya dola, na dola ikawa 1.22 ya bei yake ya shilingi; 0.88 mara 1.22 ni 1.07. Kwa hiyo wakia ilitoka shilingi milioni 3.32 hadi milioni 3.57, faida ya asilimia 7 na ushei. Tofauti na asilimia 10 inaonekana ndogo, lakini kadiri sarafu inavyoporomoka ndivyo kosa hilo linavyokua.

Upande wa Kaya, ng'ambo ya Oraba, hesabu ya mwaka huohuo inatisha. Pauni ya Sudan Kusini ilishikiliwa chini kidogo ya 3 kwa dola hadi katikati ya Desemba 2015, ilipoachiwa na kuruka hadi 18 na zaidi. Kwa viwango rasmi, wakia ilipanda kutoka pauni 3,500 hadi zaidi ya 19,000, yaani zaidi ya mara 5. Lakini mwanzoni mwa mwaka, mtaani, dola ilikuwa tayari kama pauni 5, kwa hiyo aliyenunua kwa bei ya kweli alizidisha pauni zake mara 3 hivi. Na pauni hizo zilinunua nini? Ukizirudisha kuwa dola, zinatoka dola 1,060 zilezile. Dhahabu haikumtajirisha. Ilimwokoa tu na hasara ya jirani yake aliyeweka pauni sandukuni, na hilo kwangu ni jambo kubwa la kutosha.

Mwaka 2025 ulikwenda kinyume. Dhahabu ilipanda kwa zaidi ya asilimia 60 kwa dola, mwaka wake bora tangu 1979, wakati shilingi ya Uganda ilikuwa imeimarika kidogo. Hivyo mwenye dhahabu wa Arua alipata asilimia pungufu kuliko anayehesabu dola, ingawa shilingi alizopokea kwa wakia zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote uliopita. Safari hii ongezeko lilitoka kwenye dhahabu yenyewe.