Cheti kimegoma kufunguka

Dada mmoja, tuseme, anaomba kazi ya karani wa stoo. Cheti chake cha kidato cha nne amekipiga picha kwa simu, na tangazo linataka PDF. Anachofanya ni kubadilisha jina la faili: `cheti.jpg` inakuwa `cheti.pdf`. Anatuma. Siku ya pili afisa ajira anamjibu kwa mstari mmoja: kiambatisho hakifunguki.

Kubadilisha jina hakubadilishi kilichomo, kama vile debe la mafuta ya taa haligeuki kuwa la alizeti kwa kubandikwa karatasi mpya. Faili halisi la PDF huanza na herufi `%PDF`, na programu ya kusomea huzitafuta kwanza. Ikikuta picha mahali pake, inasema faili limeharibika. Mwenye kompyuta anaweza kulifungua kwa Notepad: akiona `JFIF` au `Exif` karibu na mwanzo, hiyo ni picha iliyovalishwa jina. Faili likionyesha KB 0, tatizo ni jingine, maana hapo hakuna kilichofika.

Kwenye simu nyingi za Android dawa yake ni fupi: fungua picha, chagua kuchapisha, kisha badala ya printa chagua kuhifadhi kama PDF. Jitumie mwenyewe kwanza, ulifungue kwenye simu ya mtu mwingine. Yeye alikuwa ameijaribu picha ya awali tu.

Sasa barua. Ajibu kwenye mazungumzo yaleyale, asianzishe mapya, ili afisa asilazimike kuunganisha vipande:

"Ndugu Afisa Ajira, asante kwa kunijulisha. Cheti nilichotuma jana kilikuwa picha niliyoibadilisha jina tu. Samahani kwa usumbufu. Naambatisha faili jipya, `cheti-kidato-cha-nne.pdf`, ukurasa mmoja. Endapo nalo litagoma, nimenakili hapa chini yaliyomo kwenye cheti: jina, shule, mwaka, namba ya mtihani na alama za kila somo. Cheti halisi ninacho, naweza kukileta siku mtakayopanga."

Hakuna hadithi ya mtandao wala umeme. Afisa anataka kujua kilichoharibika, kipya kiko wapi, na asome nini wakati huu.

Maandishi hayo ya chini ndiyo yanayookoa siku, kwa kuwa hufunguka popote barua inapofunguka. Lakini hayathibitishi kitu. Yanamwezesha afisa kuendelea kuchambua maombi, na namba ya mtihani inampa pa kuanzia akitaka kuhakiki kwa Baraza la Mitihani. Kwa hiyo yaandikwe cheti kikiwa mezani, si kwa kumbukumbu. Alama ya D ya Hisabati ibaki D. Jina nalo linakiliwe herufi kwa herufi. Kama kitambulisho cha NIDA kina "Mwanaisha" na cheti kina "Mwanaasha", tofauti hiyo itajwe humo humo, kabla afisa hajaigundua mwenyewe na kuanza kujiuliza kama ni mtu mmoja.