Kufuta chipu ya TPM: Kinachopotea na kinachobaki kwenye kompyuta iliyosimbwa

KITUFE kimoja kilichoandikwa "Clear TPM" kimewafanya baadhi ya wamiliki wa kompyuta mpakato kukosa mafaili ya miaka mingi, ingawa hakuna faili hata moja lililofutwa kwenye diski zao. Mafaili yalikuwepo na diski ilikuwa nzima. Kilichopotea ni ufunguo.

TPM ni chipu ndogo iliyobandikwa kwenye bodi kuu ya kompyuta, au iliyojengwa ndani ya prosesa yenyewe. Kazi yake ni kutunza funguo za siri mahali ambapo programu haziwezi kuzisoma moja kwa moja. Watu wengi walianza kulisikia jina hilo mwaka 2021, pale kampuni ya Microsoft ilipotangaza kuwa Windows 11 itahitaji chipu hiyo ya toleo la 2.0. Msaada wa Windows 10 ulipofikia kikomo Oktoba 14, 2025, waliohamia toleo jipya wakawa wengi zaidi, na pamoja nalo wakapata kitu ambacho baadhi yao hawakukiomba: diski iliyosimbwa yenyewe.

Hapo ndipo penye mtego. Katika kompyuta nyingi mpya zenye Windows 11, hata zile za toleo la nyumbani, diski husimbwa kimyakimya mara mtu anapoingia kwa akaunti yake ya Microsoft kwa mara ya kwanza. Hakuna neno la siri la ziada analoulizwa wakati wa kuwasha. Kompyuta hufunguka kama kawaida, na mwenyewe anaweza kuitumia miaka mitatu bila kujua kuwa kila anachoandika kinafungwa.

Inafunguka kwa sababu ya TPM. Data zilizomo kwenye diski zimefungwa kwa ufunguo mmoja, na ufunguo huo umefungwa kwa ufunguo mwingine mkuu. Nakala ya ufunguo mkuu huwekwa kwenye diski ikiwa imefungwa kwa namna ambayo chipu ile pekee ndiyo inayoweza kuifungua, tena baada ya kuridhika kuwa kompyuta imewaka kwa utaratibu uleule uliozoeleka. Nakala ya pili ya ufunguo huohuo mkuu imefungwa kwa namba ndefu ya tarakimu 48, inayoitwa ufunguo wa kurejeshea. Milango ni miwili na chumba ni kimoja.

Mtu anapofuta TPM, chipu hutupa mbegu ya siri ambayo funguo zake zote za kuhifadhia zilizaliwa kutokana nayo, na kutengeneza nyingine. Tangu sekunde hiyo kila kilichofungwa kwa mbegu ya zamani hakifunguki tena, na kiwanda kilichoitengeneza chipu hakina njia ya kuirudisha. Mlango wa kwanza umezibwa. Mwenye tarakimu 48 atapita kwa mlango wa pili, asiye nazo amebaki nje.

Kuna sababu halali za kufuta chipu hiyo. Mwaka 2017, watafiti wakiwemo wa Chuo Kikuu cha Masaryk cha Jamhuri ya Czech walibaini kuwa chipu kadhaa za kampuni ya Infineon zilikuwa zikitengeneza funguo dhaifu, na tiba ikawa kusasisha programu ya ndani ya chipu kisha kuifuta ili itengeneze funguo mpya. Sababu ya kawaida zaidi siku hizi ni ujumbe unaojitokeza mtu anapofungua barua pepe au programu za ofisi, ukieleza kuwa TPM ya kompyuta imepata hitilafu, ukiambatana na namba kama 80090016. Mara nyingi tatizo hilo huisha kwa kuiondoa akaunti ya kazi kwenye kompyuta na kuiingiza upya. Lakini anayetafuta msaada kwa marafiki huambiwa aifute chipu kwanza, kana kwamba ni sawa na kuzima na kuwasha.

Chukua mfano wa mhasibu wa duka la vipuri aliyeuziwa kompyuta mpakato ambayo muuzaji alikwisha kuiandaa kwa kutumia akaunti yake mwenyewe ya Microsoft, ili mteja aikute tayari. Mhasibu akatengenezewa jina lake la kuingilia na kuanza kazi. Siku ujumbe wa hitilafu ulipotokea, alibonyeza "Clear TPM", akakubali kuwasha upya, na badala ya picha aliyoizoea akakutana na kioo cha buluu kikimtaka aingize ufunguo wa kurejeshea. Aliingia kwenye akaunti yake kwa simu na hakukuta kitu. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya mtu wa kwanza kuingia kwa mamlaka ya msimamizi, yaani muuzaji.

Kubahatisha hakusaidii. Tarakimu hizo 48 hupangwa katika mafungu manane ya tarakimu sita sita, na kila fungu lazima ligawanyike kwa 11 bila baki, ndiyo maana kompyuta hutambua mara moja fungu lililoandikwa vibaya. Hata kwa sharti hilo, idadi ya namba zinazowezekana ni 2 iliyozidishwa yenyewe mara 128. Fundi anayeahidi kuivunja namba hiyo kwa ujira fulani hana anachokiuza. Mhasibu yule amebakiwa na njia moja, kumtafuta muuzaji na kumwomba aangalie kwenye akaunti yake, akilinganisha herufi na namba nane za utambulisho zinazoonekana kwenye kioo cha buluu na zile zilizo mbele ya ufunguo.

Yote hayo yangeepukika kwa dakika kumi za maandalizi, kwani kompyuta ambayo bado inafunguka iko tayari kumtajia msimamizi wake ufunguo huo. Kinachotakiwa ni kufungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi na kuandika:

```
manage-bde -status C:
manage-bde -protectors -get C:
```

Amri ya kwanza hueleza kama diski imesimbwa. Ya pili huorodhesha milango iliyopo. Palipoandikwa "Numerical Password" ndipo penye tarakimu 48 pamoja na utambulisho wake. Zinapaswa kuandikwa kwenye karatasi au kuhifadhiwa kwenye flashi, si kwenye kompyuta hiyohiyo. Iwapo sehemu hiyo haipo kabisa na kuna "TPM" pekee, basi diski ina mlango mmoja tu, na mlango wa pili unatakiwa uongezwe kabla ya jambo lolote:

```
manage-bde -protectors -add C: -recoverypassword
```

Kinachofuata ni kusimamisha ulinzi kwa muda. Watu wengi huchanganya jambo hili na kuondoa usimbaji, kazi ambayo huweza kuchukua saa kadhaa. Kusimamisha hakugusi data. Kompyuta huacha tu ufunguo mkuu ukiwa wazi kwenye diski, ili iweze kuwaka bila kuiuliza chipu:

```
manage-bde -protectors -disable C: -RebootCount 0
```

Sifuri iliyo mwishoni ina maana yake. Bila hiyo, ulinzi hurejea wenyewe baada ya kuwasha mara moja, na kazi ya kufuta TPM huweza kuhitaji kuwasha zaidi ya mara moja. Ubaya wake ni kwamba ulinzi hautarudi mpaka mwenyewe aurudishe, na kompyuta ikiibwa katika hali hiyo diski inasomeka.

Baada ya hapo ndipo chipu hufutwa, kwa kufungua `tpm.msc` na kuchagua "Clear TPM". Microsoft inashauri kazi hiyo ifanyike kupitia Windows na si kwenye ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya mfumo kuwaka. Kompyuta ikijiwasha upya, kwa kawaida itauliza kama kweli mhusika anataka kufuta, na kumtaka abonyeze kitufe kama F12 au F10 kutegemea mtengenezaji. Swali hilo lipo ili kirusi au mtu aliye mbali asiweze kuifuta chipu bila mtu kuwa mbele ya kioo. Akikataa, hakuna kinachobadilika.

Windows ikishafunguka huiandaa chipu upya yenyewe. Ulinzi hurudishwa kwa amri ifuatayo, ambayo huifunga nakala ya ufunguo mkuu kwa chipu iliyofutwa:

```
manage-bde -protectors -enable C:
```

Endapo kompyuta itaendelea kudai tarakimu 48 kila inapowashwa, maana yake mlango wa TPM bado ni ule wa zamani. Huondolewa kwa `manage-bde -protectors -delete C: -type TPM` na kuwekwa mpya kwa `manage-bde -protectors -add C: -tpm`.

Hata kwa aliyefuata hatua zote, vipo vitu ambavyo havitarudi. Namba fupi ya siri ya kuingilia Windows hufa pamoja na chipu, na alama ya kidole na utambuzi wa sura huenda nayo. Ili kuiweka upya, kompyuta hudai neno la siri lenyewe la akaunti, na hapa hukwama wale ambao kwa miaka miwili wamekuwa wakiandika tarakimu nne tu. Neno hilo ni la kujaribiwa kabla, kwenye simu. Funguo za kuingilia tovuti bila neno la siri zilizohifadhiwa ndani ya kompyuta hiyo hupotea pia, sawa na vyeti vya kidijitali vya kuunganisha mtandao wa ofisi ikiwa vilifungwa ndani ya chipu. Kompyuta ya mwajiri huenda ikalazimika kusajiliwa upya, na ndiyo sababu haifai kuguswa bila kitengo cha teknolojia kujua. Mara nyingi kitengo hichohicho ndicho chenye tarakimu 48.

Si lazima mtu abonyeze kitufe ili haya yamkute. Kubadilisha bodi kuu kuna matokeo yaleyale, kwani chipu mpya haijui lolote kuhusu diski ya zamani. Kwenye kompyuta zenye prosesa za AMD, ambazo TPM yake imo ndani ya prosesa, kubadilisha prosesa au kusasisha programu ya bodi huweza kuleta ujumbe unaomtaka mtumiaji abonyeze Y kufuta kumbukumbu za chipu au N kuziacha. Ujumbe huo hueleza wazi kuwa diski iliyosimbwa haitafunguka bila ufunguo wa kurejeshea, ila umeandikwa kwa maneno mengi juu ya kioo cheusi, na mkono wa mwenye haraka huenda kwenye Y. Asiye na tarakimu zake karibu anapaswa kubonyeza N.