Kurudi Kazini Baada ya Lalamiko la Unyanyasaji

Si kila lalamiko la unyanyasaji wa kijinsia kazini huishia kwa mtu kufukuzwa. Kamati ya nidhamu inaweza kuona kosa limethibitika, lakini adhabu inayolingana nalo ni onyo la mwisho la maandishi. Inaweza pia kuona ushahidi hautoshi. Kwa vyovyote vile, mlalamikaji na mlalamikiwa wanabaki kwenye orodha ile ile ya mishahara, na Jumatatu asubuhi wote wawili wanapita mlango mmoja. Hapo linaanza swali ambalo taarifa nyingi za uchunguzi haziligusi: nani atakaa wapi, nani atasaini karatasi za nani, na wafanye nini wakikutana kwenye korido.

Nchini Tanzania swali hilo lina uzito wa kisheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inahesabu unyanyasaji kuwa aina ya ubaguzi, na jinsia ni mojawapo ya misingi inayotajwa. Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, zilizotungwa chini ya sheria hiyo, zinakwenda mbali zaidi. Mfanyakazi aliyeacha kazi kwa sababu mwajiri alishindwa kumlinda dhidi ya unyanyasaji wa kijinsia anaweza kuhesabiwa kuwa aliachishwa kazi, hata kama barua ya kuacha kazi aliiandika kwa mkono wake mwenyewe. Kwa hiyo mwajiri hamalizi wajibu wake siku anapotoa onyo. Kenya nayo, katika Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya maandishi kuhusu jambo hili, na haikubali lalamiko la kweli liwe sababu ya kumfukuza aliyelalamika.

Kosa la kwanza, na mara nyingi hufanywa kwa nia njema, ni kumhamisha mlalamikaji. Ofisa rasilimali watu anamwita na kumwambia, "Dada, tumekupatia nafasi tawi la Mwanza, utapumua kidogo." Anayehamishwa anapoteza wateja aliowazoea, saa za ziada na nafasi ya kupanda cheo, na wenzake wanausoma uhamisho huo kama hukumu: aliyeondolewa ndiye mwenye makosa. Utaratibu ulio salama ni kwamba anayesogezwa ni mlalamikiwa, au madaraka yake. Mlalamikaji anahama tu ikiwa ameomba mwenyewe kwa maandishi, na anahama na mshahara, cheo na saa zake zile zile.

Chukua mfano wa kampuni inayosambaza vifaa vya ujenzi jijini Dar es Salaam. Idara ya fedha ina watu sita katika chumba kimoja. Karani wa malipo alilalamika kwamba mhasibu mkuu alikuwa akimtumia ujumbe wa simu usiku na kumsemea maneno kuhusu mwili wake mbele ya wengine. Wakati wa uchunguzi mhasibu mkuu alisimamishwa kwa malipo kamili, kama Kanuni zinavyoruhusu. Kosa lilithibitika, akapewa onyo la mwisho, na sasa anarudi.

Watu wengi hufikiria umbali kwanza: meza yake isogezwe kona ya pili. Umbali una maana ndogo kuliko njia na macho. Katika chumba hicho karani ameketi kwa kuupa mlango mgongo, na kila anayekwenda kwenye printa anapita nyuma ya kiti chake. Mhasibu mkuu akipelekwa kona ya mbali, bado atapita hapo kila anapochapisha karatasi. Mpango unaofaa ni kumpa chumba kingine, tuseme ghorofa ya pili, chenye printa na kabati lake la majalada, ili asiwe na sababu ya kazi ya kushuka. Meza ya karani inageuzwa itazame mlango, kama mwenyewe anataka hivyo. Ni vizuri ofisa rasilimali watu atembee naye chumbani Ijumaa jioni, ofisi ikiwa tupu, na kumuuliza ni wapi hasa pana shida. Majibu huwa ya mambo madogo ambayo hakuna aliyeyafikiria: ngazi nyembamba ya kwenda chooni, foleni ya chai saa nne, kiti cha nyuma kwenye basi la wafanyakazi. Chai inaweza kugawanywa kwa nusu saa. Kuhusu basi, anayetafutiwa usafiri mwingine ni mlalamikiwa.

Nani anaripoti kwa nani ni suala gumu zaidi, kwa sababu chati ya uongozi hubadilishwa kwa dakika tano ilhali madaraka yenyewe yamejificha kwenye saini. Kampuni inaweza kutangaza kwamba karani sasa yuko chini ya meneja wa fedha moja kwa moja, kisha ikajiona imemaliza. Njia ya kuhakikisha ni kuchukua kazi za karani za mwezi mmoja na kufuata kila karatasi inakopita: fomu ya likizo, madai ya saa za ziada, marejesho ya masurufu, tathmini ya mwaka. Pamoja na hizo kuna programu ya uhasibu, ambayo mara nyingi husahaulika. Ikiwa hakuna aliyebadilisha ruhusa za mfumo, ombi la karani litaendelea kwenda kwa mhasibu mkuu ili aliidhinishe, na karani atagundua hivyo siku ombi lake litakaporudishwa bila maelezo.

Kuna saini zisizoweza kuondolewa haraka. Hati za malipo zinamhitaji mhasibu mkuu kwa sababu benki inamtambua yeye. Basi hati hizo zikusanywe na mhasibu msaidizi na kupelekwa juu mara mbili kwa siku katika jalada moja. Mhasibu mkuu akiwa na swali, aliandike kwenye karatasi na lirudi kwa njia ile ile. Katika tathmini asitoe alama wala asiulizwe maoni pembeni, na alama alizompa karani katika kipindi cha malalamiko zipitiwe upya na mtu mwingine.

Mahali ambapo mipango mizuri huvunjika ni kwenye kukaimu. Meneja wa fedha anakwenda likizo, na kwa mazoea anayekaimu ni mhasibu mkuu. Asubuhi moja karani anajikuta tena chini ya mtu yule yule, bila yeyote kuwa amekusudia. Kwa sababu hiyo barua itaje mapema kwamba meneja asipokuwepo, masuala ya karani yatashughulikiwa na meneja wa utawala. Mashahidi nao wasisahaulike. Kijana aliyetoa ushahidi na bado tathmini yake inaandikwa na mhasibu mkuu yuko hatarini kulipiziwa kisasi sawa na aliyelalamika.

Kuhusu kutowasiliana, kauli ya "msisumbuane tena" si mpango, kwa kuwa kila mmoja ataielewa anavyotaka. Yanahitajika maelekezo ya maandishi, kila mmoja akipewa barua yake na kusaini kuipokea. Barua ya mlalamikiwa ndiyo inayobeba masharti: hatapiga simu, hatatuma ujumbe, hatatoa maoni kwenye mitandao ya kijamii ya mwenzake, wala hatamtuma mtu. Kikao ambacho lazima wote wahudhurie kiwe na mwenyekiti, wakae mbalimbali, na kila mmoja azungumze kupitia kwake. Wakikutana kwa bahati mbaya, salamu fupi inatosha na kila mtu aendelee na njia yake. Ukizuka moto au ajali, mtu yeyote anaweza kumwambia mwenzake atoke. Barua ya mlalamikaji inamweleza masharti hayo na mahali pa kutoa taarifa yakivunjwa. Si adhabu, na yeye akisalimia hajavunja kitu.

Kundi la WhatsApp la idara linahitaji sentensi yake. Kama msimamizi wa kundi ni mhasibu mkuu, meneja afungue jingine la kazi tu na kulisimamia mwenyewe, la sivyo karani atalazimika kuchagua kati ya kumsoma mhasibu mkuu kila siku na kukosa taarifa za kazi.

Kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni usuluhishi wa heshima. Wiki ya pili anatokea mchungaji, shehe, au mama mtu mzima wa ofisini, na ujumbe kwamba "kaka amejuta, yaishe." Anayeutuma anaweza kuwa na nia safi. Hata hivyo, ujumbe uliopitia kwa mchungaji ni mawasiliano, na unamweka mlalamikaji mahali ambapo akikataa ataonekana mwenye roho mbaya. Barua iseme wazi kwamba kuomba radhi, zawadi na salamu kupitia watu ni marufuku, na kwamba mlalamikaji akitaka kikao cha suluhu atakiomba mwenyewe.

Wafanyakazi wengine hawahitaji kuelezwa kisa. Wanahitaji kujua njia mpya za kazi: kuanzia tarehe fulani hati zote zinapita kwa mhasibu msaidizi. Pale ambapo lalamiko halikuthibitika, mpango unaweza kubaki kwa muda, lakini barua iseme ni tahadhari na si hukumu, na itaje tarehe ya kuupitia upya. Bila sentensi hiyo mlalamikiwa naye ana haki ya kulalamika kwamba ameadhibiwa bila kosa.

Mpango upitiwe baada ya wiki mbili, wiki sita na miezi mitatu, na mlalamikaji aulizwe peke yake. Swali la "uko sawa?" huleta jibu la "nashukuru" na halisaidii. Kipimo bora kipo kwenye kazi yenyewe. Hati za karani zikianza kukaa ghorofani siku tatu wakati za wengine zinashuka siku hiyo hiyo, kuna tatizo. Ni hivyo hivyo asipoitwa kwenye zoezi la kuhesabu mali ghalani, ambalo alikuwa akilifanya kila mwaka na lina posho.

Mipango hii ina mwisho wake. Katika duka la watu wanne hakuna ghorofa ya pili. Zamu tofauti ndizo zinazobaki, na kama kazi hairuhusu zamu, huenda mmoja akapaswa kuondoka, naye si lazima awe mlalamikaji. Mlalamikiwa akiwa ndiye mwenye kampuni, hakuna aliye juu yake wa kusimamia barua yoyote. Hapo mfanyakazi aende nje ya ofisi: kwa chama cha wafanyakazi, kwa ofisa kazi, au Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Atunze nakala za barua na tarehe za kila tukio, maana Tume hupokea mgogoro wa kuachishwa kazi ndani ya siku 30, na migogoro mingine ya kazi ndani ya siku 60.