Mlima ndani ya ziwa ambalo halipo

Haya wenzangu, msimu wa mabango ya usiku wa Afrika umefika tena, na kama kawaida kuna atakayetaka kuweka Kilimanjaro kwenye maji yaliyotulia kama kioo. Wengi tunafanya hivi: tunanakili picha, tunaigeuza juu chini, tunaibandika chini ya ile ya kwanza, basi. Ukiitazama unaona karata ya mfalme, si ziwa. Maji hayakunji picha katikati kama karatasi. Yana sheria yake, na ukiijua, kazi nzima ni ya saa moja tu.

Tuchukue mfano mmoja mpaka mwisho. Tuseme una picha ya Kibo iliyopigwa kutoka uwanda wa Amboseli, upande wa Kenya: mlima nyuma, nyasi mbele, na mgunga mmoja karibu na mpiga picha. Picha ina upana wa pikseli 1600. Ukihesabu kutoka juu, kilele kiko pikseli ya 250, upeo wa macho uko 560, na shina la mgunga linagusa ardhi kwenye 600. Hapo kwenye 600 ndipo tutakapoweka ukingo wa ziwa. Kata picha hapo, ibaki na kimo cha pikseli 600. Natumia Photoshop, GIMP ya bure nayo ina kugeuza na ina Displace, menyu tu ndizo zinazotofautiana.

Sasa sheria yenyewe. Kioo cha maji kimelala chini, kwa hiyo kila kitu kinarudishwa kuanzia pale kinapokutana na usawa wa maji. Mgunga uko ukingoni, basi taswira yake inaanzia ukingoni. Lakini mlima uko mbali sana. Ungeyatandaza maji mpaka chini yake, yangekutana nao kwenye upeo wa macho. Kwa hiyo taswira ya mlima inahesabiwa kutoka 560, siyo 600. Kilele kiko pikseli 310 juu ya upeo, basi ndani ya maji kitakuwa 310 chini yake, yaani kwenye 870. Ukikunja picha pale 600 kitaangukia 950. Umekosea kwa pikseli 80, ambazo ni mara mbili ya nafasi iliyopo kati ya upeo na ukingo.

Kosa hilo linaonekana hata na asiyejua hesabu. Ule ukanda wa nyasi kati ya ukingo na upeo unajitokeza ndani ya maji kama mkeka uliogeuzwa. Kwenye ziwa la kweli huwezi kuuona, kwa sababu ardhi tambarare iliyo sawa na maji haina cha kurudisha.

Twende kwenye kazi. Fungua kufuli ya leya ya picha, kisha uinakili mara mbili. Kwenye nakala ya kwanza bakiza mgunga peke yake, futa vingine vyote. Kwenye ya pili fanya kinyume: ufute mgunga kwa Clone Stamp, ukijazia anga na mlima mahali pake, la sivyo utaishia na miti miwili ndani ya maji. Zigeuze zote mbili kwa Edit > Transform > Flip Vertical. Halafu fungua Image > Canvas Size, ongeza kimo kifike 1000 huku picha imeshikiliwa juu, upate pikseli 400 za maji.

Mgunga uliogeuzwa ushushe mpaka mashina yakutane kwenye 600. Mlima uliogeuzwa ushushe pikseli 520 tu, siyo 600, kisha upeleke leya yake chini ya picha ya asili. Nyasi zilizogeuzwa zitajificha zenyewe nyuma ya ardhi. Ukishika Shift, kila mshale wa kibodi unasogeza pikseli 10, kwa hiyo ni kuhesabu tu. Mgunga ukae juu ya mlima, halafu unganisha leya hizo mbili za taswira.

Rangi nayo ina neno. Maji hayarudishi mwanga wote. Ukiyatazama kwa mbali, kwa pembe ya kulala, yanarudisha mwingi. Ukiyatazama moja kwa moja chini miguuni, yanarudisha kama asilimia 2 tu. Ndo maana ziwa huwa na kiza zaidi upande wa mtazamaji. Punguza mwanga wa taswira nzima kidogo kwa Levels, kisha pitisha rangi ya bluu iliyokoza ambayo imefifia kabisa ukingoni na inakolea kadiri unavyoshuka. Halafu Motion Blur, pembe 90, umbali wa pikseli 6 hivi. Maji huvuta taswira kwenda juu na chini, si kulia na kushoto.

Tumebakiza viwimbi, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Filta ya Ripple inatoa viwimbi vya ukubwa mmoja kila mahali, na matokeo yake ni kama kioo cha dirisha la bafuni. Kwenye ziwa la kweli, kiwimbi cha mbali ni uzi mwembamba na cha karibu ni kipana. Kwa hiyo tunajitengenezea ramani yetu ya viwimbi.

Fungua faili jipya la Grayscale, 1600 kwa 400. Lijaze chenga kwa Add Noise, zivute kwa Motion Blur ya pembe 0 na umbali wa 60, kisha Auto Contrast. Chukua Edit > Transform > Perspective na uvute kona za chini nje mpaka upana wa chini uwe kama mara tano ya wa juu. Mwisho, pitisha kijivu cha katikati, namba 128, kizito juu na kikififia kuelekea chini. Hii ndiyo siri: kwa Displace, kijivu cha 128 maana yake ni "usisogeze", kwa hiyo ukingo unatulia na mtikisiko unakua kadiri unavyokaribia. Ifanye ramani leya moja, ihifadhi kama PSD.

Rudi kwenye picha, chagua eneo la maji tu, kuanzia 600 mpaka 1000, kisha Filter > Distort > Displace. Weka Horizontal Scale 2, Vertical Scale 10, na Stretch To Fit, halafu umpe ile PSD. Namba 100 husogeza pikseli 128 kwa wingi wake, kwa hiyo 10 ni kama pikseli 13. Ukiona kilele kimekatika vipande vipande, teremsha mpaka 6. Ukitaka maji yaliyolala kabisa, 3 inatosha.

Kupima, geuza kazi yako yote juu chini. Kama huwezi kusema upi mlima na upi maji, bado ni karata ya mfalme: ongeza kiza upande wa chini au kuza viwimbi vya karibu. Na kama jua limo kwenye picha, taswira yake lazima ikae wima chini yake, haiendi pembeni.

La mwisho, bango likiwa tayari, andikeni chini yake kwamba ziwa ni la kutengeneza. Kwenye ukumbi hatakosekana mtu wa Loitokitok, na huyo anaujua ule uwanda kuliko Photoshop yako.